Kukausha Shimo Refu Kwenye Mchanga Wenye Maji: Njia Nne na Kinachompata Jirani

Tuchukue kiwanja kilicho katika ukanda wa chini wa Dar es Salaam, karibu mita 600 kutoka baharini, ambacho mwenyewe anataka kukijengea jengo lenye ghorofa mbili chini ya ardhi kwa ajili ya maegesho ya magari. Shimo litakuwa na upana wa mita 30, urefu wa mita 40 na kina cha mita 7. Vipimo vya udongo vinaonyesha mchanga wa chembe za wastani kuanzia juu hadi mita 20, na chini yake tabaka nene la mfinyanzi mgumu. Maji ya ardhini yamesimama mita 2 tu chini ya uso wa ardhi. Upande mmoja wa kiwanja, mita 5 kutoka ukingo wa shimo, pana jengo la jirani la ghorofa tatu ambalo msingi wake haukushuka zaidi ya mita moja na nusu, na mitaa miwili nyuma yake ipo nyumba ya zamani ambayo wenyewe wanachota maji ya kisima. Kiwanja hiki nimekitunga ili hesabu zionekane, lakini yeyote aliyefanya kazi za misingi katika pwani yetu ameshakutana na kinachofanana nacho.

Ili mafundi wafunge nondo na kumwaga zege pakavu, maji hayana budi kushushwa hadi mita moja chini ya kitako cha shimo, yaani kina cha mita 8, na hiyo ina maana ya kuyashusha mita 6 kutoka yalipo leo. Katika vikao vya mwanzo, mazungumzo kwa kawaida huenda moja kwa moja kwenye idadi ya pampu na bei ya mafuta ya jenereta. Kwa maoni yangu hayo ni maswali ya pili. Yanayotangulia ni mawili: je, maji yatakapotoka yatatoka peke yake au yatatoka na mchanga, na je, chini ya msingi wa jirani kuna mchanga mtupu au kuna utando wa mfinyanzi laini uliojificha katikati? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha njia nne zinazolinganishwa hapa.

Jirani anatitia kwa sababu gani

Maji yaliyomo kati ya chembe za mchanga hubeba sehemu ya uzito wa ardhi. Yakishuka, uzito huo huhamia kwenye chembe zenyewe, na kwa makadirio ya karibu kila mita moja ya maji yaliyoshuka huongeza tani moja kwa kila mita ya mraba katika ardhi iliyo chini. Kwa hiyo jirani ambaye maji yake yameshuka mita 5 anapata mzigo wa nyongeza unaokaribia ghorofa nne za jengo la kawaida la zege, ingawa hakuna aliyeongeza hata tofali moja juu ya nyumba yake. Mzigo huo haubanwi na mipaka ya kiwanja, kwa kuwa maji yanayovutwa hushuka kwa umbo la bonde pana ambalo sehemu yake ya chini iko kwenye shimo na kingo zake zinaishia mbali.

Umbali wa kingo hizo hukadiriwa kwa kanuni ya Sichardt, ambapo R ni umbali huo kwa mita, s ni mita za kushusha maji na k ni upenyevu wa mchanga kwa mita kwa sekunde:

```
R = 3000 · s · √k
```

Mchanga wa wastani kama huu una upenyevu wa karibu 0.0001, yaani maji yanaweza kupita ndani yake kwa sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde mteremko wa maji unapokuwa mita moja kwa kila mita moja. Tukiweka s kuwa 6, tunapata mita 180. Kanuni hii ni ya uzoefu wala si ya sheria za maumbile, na pampu zikifanya kazi miezi mingi bila mvua bonde hupanuka kupita jibu lake. Hata hivyo inatosha kumwonyesha mwenye mradi kwamba jirani zake si wale wanne waliopakana naye peke yao.

Tukiendelea na hesabu za kawaida za kisima, tukilichukua shimo lote kama kisima kimoja kikubwa chenye nusu kipenyo cha karibu mita 19.5, tunaona kwamba maji yatakayohitaji kutolewa ni takriban lita 24 kwa sekunde, au mita za ujazo 2,100 kwa siku. Chini ya ukuta wa karibu wa jengo la ghorofa tatu maji yatashuka karibu mita 5.2, na chini ya ukuta wake wa mbali, mita 12 nyuma, yatashuka karibu mita 4.1. Kwenye kisima cha nyumba ya zamani, mita 100 kutoka katikati ya shimo, yatashuka takriban mita moja na nusu.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Ikiwa mchanga huo ni wa ugumu wa wastani na hauna kitu kingine ndani yake, ukuta wa karibu wa jirani utatitia milimita 25 hivi, na ule wa mbali milimita 20. Tofauti ya milimita 5 katika urefu wa mita 12 ni sehemu moja kati ya 2,400, wakati nyufa za kuonekana kwenye kuta za matofali hutarajiwa tofauti inapofika karibu sehemu moja kati ya 300. Jengo limeshuka, lakini limeshuka karibu sawasawa, na mwenye nyumba huenda asione chochote zaidi ya mlango mmoja unaokwaruza sakafu. Mchanga safi ukinyang'anywa maji safi humsamehe mhandisi mambo mengi.

Weka kando mchanga safi, utie chini ya nusu moja ya jengo hilo utando wa mfinyanzi laini wenye unene wa mita moja na nusu, kama mabaki ya kijito cha zamani yanavyoweza kuwa katika mabonde ya pwani. Utando huo ni laini mara kumi kuliko mchanga. Chini ya mzigo uleule utajibana milimita nyingine 25, na kwa unene huo utamaliza sehemu kubwa ya kujibana ndani ya miezi michache, muda mfupi kuliko ule wa ujenzi. Utando ukikoma katikati ya jengo, nusu moja itashuka milimita 50 na nyingine takriban 20, na tofauti hiyo ya milimita 30 itatokea ndani ya mita 6 tu. Hiyo ni sehemu moja kati ya 200. Hapo nyufa zitapanda kwa mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha, na hakuna rangi itakayozificha. Idadi ya pampu haikubadilika, kina cha maji hakikubadilika. Kilichobadilika ni tabaka ambalo halikuonekana kwa sababu vishimo vya kupimia udongo vilichimbwa ndani ya kiwanja cha mwenye mradi peke yake. Ndiyo maana napendekeza kishimo kimoja au viwili vya upimaji vichimbwe kwenye mpaka, karibu na jengo la jirani kadiri atakavyoruhusu, kabla ya kuchagua njia yoyote.

Shimo la kukusanyia maji

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Unachimba, maji yanaingia, unayaelekeza kwenye kishimo kilicho pembeni, na pampu ya dizeli inayatoa nje. Kwenye mfinyanzi au kwenye mwamba inafaa kabisa. Kwenye mchanga ulio chini ya maji kwa mita 5 haifai, na sababu yake inaonekana kwa macho: maji yanayopanda kutoka kitakoni huinua chembe, mchanga unaanza kutokota kama uji, ubavu wa shimo unamomonyoka chini kabla ya kuporomoka juu, na pampu inatapika maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Rangi hiyo ni ardhi ya jirani. Chukua chupa safi ya lita moja, ijaze kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, iache isimame kwenye kivuli kwa robo saa, halafu itazame kitako chake. Ukiona utando wa mchanga wa nusu gramu, unaotosha kufunika kitako cha chupa kwa shida, kwa kiasi chetu cha maji hiyo ni zaidi ya tani moja ya mchanga kila siku. Baada ya mwezi mmoja tani 30 zimeondoka chini ya ardhi, na hazikuondoka sawasawa kutoka kila mahali. Mchanga huondoka kwa kufuata njia nyembamba, njia hizo hurefuka kuelekea nje kama mizizi, na siku moja sakafu ya kibaraza cha jirani inabonyea juu ya uwazi ambao hakuna aliyejua kwamba upo.

Nimewahi kuitwa kwenye eneo la ujenzi ambapo mkandarasi alikuwa ametumia njia hii kwa wiki tatu, kwa hoja kwamba kina hakikuwa kikubwa. Hesabu ya kutitia niliyopewa ilikuwa sahihi kabisa, lakini ilikuwa hesabu ya maji peke yake. Katika bwawa dogo la kutuliza maji, kabla ya mtaro wa barabara, mchanga ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na vibarua walikuwa wanauzoa kwa toroli na kuutumia kuchanganya zege. Waliuona kuwa bahati. Ukuta wa uzio wa jirani, mita nne kutoka pale, ulikuwa umeshainama.

Njia hii basi ninaiweka pembeni kwa shimo kuu. Inabaki na kazi moja ya halali, ambayo ni kukusanya maji ya mvua na michirizi midogo baada ya njia nyingine kuwa imeshashusha maji ya ardhini.

Mabomba membamba ya kunyonya

Katika njia ya pili, mabomba membamba yenye chujio mwishoni huzamishwa kuzunguka shimo kwa nguvu ya maji ya msukumo, moja kila baada ya mita moja hadi mbili, kisha yote huunganishwa na bomba kuu linalokwenda kwenye pampu ya utupu. Ni njia nzuri kwa mchanga, inasimikwa haraka, na kwa kuwa mabomba ni mengi kila moja linavuta maji kidogo, jambo linalopunguza hatari ya kubeba mchanga. Mzingo wa shimo letu ni mita 140. Kwa nafasi ya mita moja na nusu tungehitaji mabomba 93 hivi, kila moja likitoa karibu robo lita kwa sekunde.

Tatizo lake liko kwenye fizikia ya kunyonya. Pampu iliyo juu haiyavuti maji. Inaondoa hewa, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Kwa vitendo, baada ya kupoteza nguvu kwenye viungo na kwenye hewa inayopenya, kimo kinachopatikana ni mita 5, au 6 kwa usimikaji mzuri sana. Hata tukiliweka bomba kuu kwenye kina cha mita 2, pale maji yalipo, bado tunahitaji kuyashusha mita 6, nasi tumefika ukomo bila akiba yoyote. Suluhisho la kawaida ni kuweka ngazi mbili: ya kwanza juu, na ya pili kwenye kidato kilichochimbwa mita chache chini. Kidato hicho kinadai nafasi ya mita kadhaa kila upande, na kiwanja cha mjini ambacho jengo linafika mpakani hakina nafasi hiyo.

Kwa mfereji wa bomba la majitaka au shimo la mita 4, ningeichagua njia hii bila kusita. Kwa mita 7 zetu inabaki kuwa msaada wa mahali mahali, kwa mfano pale ambapo kishimo cha lifti kinashuka mita moja na nusu chini ya kitako cha kawaida. Kwa habari ya jirani, haina tofauti na njia inayofuata, kwa sababu bonde la maji litakuwa lilelile: maji yakishuka mita 6, yameshuka mita 6, yawe yamenyonywa au yamesukumwa.

Visima virefu

Njia ya tatu ni kuchimba visima nje kidogo ya mzingo wa shimo na kuteremsha ndani ya kila kimoja pampu ya umeme inayofanya kazi ikiwa imezama. Pampu hiyo inasukuma kutoka chini, kwa hiyo kile kikomo cha mita 6 hakipo tena. Kisima chenye nusu kipenyo cha sentimita 20, kikiwa na chujio lililozama mita 6 ndani ya mchanga kama wetu, kinaweza kupokea hadi lita 5 kwa sekunde. Kwa tahadhari tuchukue 3 au 4. Visima vinane vitatosha, na viwili vya ziada viwepo tayari, kwa kuwa pampu huungua siku ambayo hakuna anayeitarajia. Kina chake kiwe mita 16 hadi 18, bila kutoboa mfinyanzi ulio mita 20, maana ukiutoboa unaweza kufungulia maji ya tabaka la chini yenye msukumo mkubwa zaidi.

Ubora wa njia hii unaamuliwa na kitu ambacho hakionekani kazi ikishakamilika: kokoto ndogo zinazojazwa kati ya bomba la kisima na ukuta wa tundu. Kokoto hizo huchaguliwa kwa kulinganisha ukubwa wake na chembe za mchanga wa mahali hapo, kwa chekecheo za maabara. Zikiwa kubwa mno mchanga unapita. Zikiwa ndogo mno maji hayapiti. Baada ya hapo kisima hufunguliwa na kufungwa mara kwa mara kwa saa kadhaa, kikisukumwa maji mbele na nyuma, hadi kitoe maji meupe. Mkandarasi anayechota kokoto zilezile za zege na kuzimimina kisimani ameua njia nzima, hata kama pampu zake ni mpya.

Kipimo cha chupa kinarudi hapa, sasa kwa umakini zaidi kwa sababu kazi ni ya muda mrefu. Tuseme visima vinatoa miligramu 50 za mchanga kwa lita, kiasi ambacho kwenye chupa yako ni punje zinazoenea kwenye ncha ya kisu. Kwa lita 24 kwa sekunde hiyo ni kilo 105 kwa siku, na kwa miezi minane ni tani 25, karibu mita 15 za ujazo. Visima vilivyochujwa vizuri vikitoa miligramu 5, jumla ni tani mbili na nusu, nazo zimesambaa kuzunguka visima vinane. Tofauti kati ya kazi nzuri na kazi mbaya, kwenye chupa, ni ndogo kiasi hicho. Kwa hiyo msimamizi asiridhike kuambiwa kwamba maji ni meupe. Kila kisima kipimwe peke yake, kila siku katika wiki ya kwanza na kila wiki baadaye, na kinachozidi kizimwe.

Kuna mambo mawili ambayo visima virefu haviwezi kuyakwepa hata vikijengwa kwa ustadi. La kwanza ni kisima cha ile nyumba ya zamani. Mita moja na nusu inatosha kukiacha kikavu kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono, na kuwapelekea wenyewe maji kwa gari kwa miezi minane ni gharama inayopaswa kuingizwa kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikageuka ugomvi. La pili ni chumvi. Maji matamu ya pwani huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, na kwa kanuni ya mizani kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inalingana na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwenye kiwanja chetu, kama maji yalikuwa mita 2 juu ya bahari, baada ya kushushwa yatakuwa mita 4 chini yake, na mteremko umegeuka. Mfinyanzi wa mita 20 unasaidia kuzuia chumvi isipande kutoka chini, lakini inayokuja kwa ubavu haina wa kuizuia. Upitishaji wa umeme wa maji yanayotoka upimwe kila wiki kwa kifaa cha mkononi. Ukipanda mfululizo, bahari inakuja.

Ukuta wa kuzuia maji

Njia ya nne inageuza swali. Badala ya kushusha maji ya mtaa mzima, unazungushia shimo ukuta usiopitisha maji, ama wa mabamba ya chuma yanayoshikana, ama wa nguzo za zege zinazokatana, ama wa zege lililomiminwa kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa chini kabisa, kisha unauingiza ndani ya mfinyanzi. Kwetu sisi utashuka mita 20 hadi mfinyanzi na mita 2 nyingine ndani yake, na kwa mzingo wa mita 140 hiyo ni zaidi ya mita za mraba 3,000 za ukuta. Ni fedha nyingi, ingawa sehemu yake unaipata tena kwa kuwa shimo la mita 7 mpakani lingehitaji kuta za kulishikilia kwa vyovyote vile.

Faida yake ni kubwa. Ndani ya ukuta kuna maji yaliyofungiwa ya karibu mita za ujazo 1,400 tu, yanayotolewa kwa siku chache kwa visima vitatu au vinne, na baada ya hapo pampu zinashughulika na michirizi. Nje maji hubaki karibu pale yalipokuwa: kisima cha nyumba ya zamani hakiguswi, bahari haisogei, na ule utando wa mfinyanzi chini ya jirani haupati mzigo mpya.

Ukuta una udhaifu wa aina mbili, na wote unahusu ukamilifu wake. Kwanza, ukuta usiofika kwenye mfinyanzi haukupi nusu ya faida kwa nusu ya bei. Maji hupita chini yake, na kuzuia theluthi mbili za kina cha mchanga hupunguza maji kwa kiasi kidogo kuliko akili inavyotarajia. Isitoshe, yakipinda na kupanda ndani ya shimo yanaweza kuutokotesha mchanga wa kitakoni. Pale ambapo mfinyanzi uko mita 40 chini, ukuta wa mita 14 unaouzwa kama kinga ya majirani unahitaji hesabu ya kuuthibitisha.

Pili ni tundu. Ukuta wenye uwazi mmoja mdogo, huku maji yamesimama mita 5 nje yake, hupiga mchanga ndani kama bomba lililopasuka, na mchanga huo unatoka mahali pamoja, mara nyingi chini kabisa ya jirani wa karibu. Mjini Amsterdam mwaka 2008, uvujaji kwenye maungio ya ukuta wa kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Vijzelgracht ulizitosa nyumba za zamani zaidi ya sentimita 10. Mjini Cologne tarehe 3 Machi 2009, mchanga na maji viliingia kwa kasi kupitia kasoro katika ukuta wa shimo la njia ya treni, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji likaporomoka, na watu wawili wakafa katika majengo ya jirani. Sehemu zote mbili zilikuwa na wahandisi wenye uwezo na fedha. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, pampu ziwashwe ndani ya ukuta na maji yapimwe nje yake kwa mabomba ya uangalizi: maji ya nje yakishuka upande mmoja, tundu liko upande huo, nalo linazibwa kwa kudunga saruji wakati mchanga bado umelala kimya pande zote mbili.

Niongeze kwamba mabamba ya chuma yanayopigwa kwa nyundo ya mtetemo hushindilia mchanga uliolegea. Jirani anaweza kutitia kwa mtetemo huo kabla hata pampu moja haijawashwa, na hapo atalaumiwa mtu wa maji. Mchanga ukiwa umelegea, nguzo za zege ni bora.

Kuna pia njia ya katikati, ambayo ni kurudisha sehemu ya maji ardhini kwa visima vilivyo kati ya shimo na jirani. Kwa karatasi inapendeza. Kwa vitendo visima hivyo huziba kwa kutu ya chuma iliyomo majini, kwa hewa na kwa tope laini, na hudai kusafishwa mara kwa mara. Zaidi ya hayo, maji uliyoyarudisha mita 5 kutoka shimoni yatarejea shimoni, na pampu zitaongezewa kazi. Nimeiona ikifaa pale inapolinda jengo moja tu, tena ukuta ukiwepo katikati.

Ningechagua nini

Kwa kiwanja chetu, kishimo cha upimaji kwenye mpaka kikionyesha mchanga mtupu hadi mita 20, ningechukua visima virefu, nikakubali milimita 25 za jirani baada ya kumweleza kwa maandishi, na nikaiwekea nyumba ya zamani tangi na ratiba ya maji. Kishimo hicho kikitoa hata mita moja ya mfinyanzi laini, au visima vya mtaani vikiwa vimeanza kuwa na chumvi, ningelipia ukuta kamili. Ukuta nusu nisingeujenga katika hali yoyote kati ya hizo.

Kwa njia yoyote, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ihusishwe mapema juu ya vibali vya kuchukua na kutiririsha maji, na mtaro wa barabara ukaguliwe kama unaweza kubeba lita 24 kwa sekunde wakati wa masika, ambapo peke yake umeshajaa. Nyumba za majirani zipigwe picha, ufa kwa ufa, wenyewe wakiwepo na kutia saini. Misumari ya kupimia kutitia iwekwe kwenye kuta zao angalau wiki mbili kabla ya kuwasha pampu, ili mpima ajue ni kiasi gani jengo linacheza lenyewe. Viwango viwili viandikwe: kwa mfano wetu, milimita 15 za kusimama na kuuliza, na milimita 25 za kusimamisha uchimbaji. Kusimamisha uchimbaji hakumaanishi kuzima pampu, kwa sababu shimo lililochimbwa nusu likijaa maji ghafla linaweza kuporomosha kingo zake na kumdhuru jirani kuliko mwanzo. Jenereta ya akiba iwashwe yenyewe umeme wa gridi ukikatika.

Pampu zisizimwe kwa sababu tu zege la kitako limekauka. Maji yakirudi mita 5 juu ya kitako yanalisukuma jengo kwenda juu kwa tani 5 kwa kila mita ya mraba. Zege la kitako lenye unene wa sentimita 80 lina tani 2, na sakafu mbili za juu yake pamoja na kuta na nguzo zinaongeza karibu tani moja kila moja. Jumla ni karibu 4. Ukitaka akiba ya sehemu moja ya kumi unahitaji tani 5.5, nazo hazipatikani hadi sakafu mbili nyingine zimwagwe juu ya ardhi. Siku hiyo ikifika, visima vizimwe kimoja baada ya kingine kwa muda wa wiki moja au mbili, huku mpima akisoma mabomba ya uangalizi asubuhi na jioni, na kile kilicho karibu na ukuta wa jirani kizimwe mwisho.